Pua Haikuziba, Imeumia

Kuna imani iliyoota mizizi majumbani mwetu na katika maduka ya dawa: mtu akipoteza uwezo wa kunusa baada ya mafua, pua yake imeziba, na dawa ni kuizibua. Basi anapewa matone, anapigishwa nyungu, anapakwa mafuta ya mentholi chini ya pua, anahimizwa apenge kwa nguvu zaidi. Wiki zinapita na harufu hairudi. Hapo wale wale waliosema pua imeziba wanageuka na kusema neva imekufa, azoee tu. Kauli zote mbili si za kweli kwa wagonjwa wengi wa namna hii. Ya kwanza inawaharibu pua na ya pili inawakatisha tamaa wakati ule ule mwili wao unapoanza kujitengeneza.

Nakubali kwamba siku za mwanzo za mafua pua huziba kweli. Kuta zake huvimba, kamasi hujaa, na hewa haifiki juu inakonusiwa. Uzibe wa aina hiyo huondoka pamoja na mafua, na harufu hurudi nao. Ninayemzungumzia hapa ni yule ambaye mafua yamemwisha, anapumua vizuri kwa tundu zote mbili, kamasi hazipo, lakini akisimama juu ya sufuria ya vitunguu vinavyoungua hajui kama vinaungua. Mtu huyo hana kilichoziba. Hewa inaingia na kutoka bila shida, ila hakuna wa kuipokea. Kumwongezea matone ya kuzibua ni sawa na kumfungulia mgeni mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Tuangalie nyumba yenyewe. Sehemu inayonusa si pua nzima. Ni utando mdogo wa sentimita za mraba chache tu, uliojificha juu kabisa ndani ya pua, karibu usawa wa macho. Humo mna mamilioni ya seli za neva, kila moja imenyoosha vinywele vyake kwenye ute unaolowanisha utando. Chembe za harufu huyeyuka katika ute huo na kushikwa na vipokezi vilivyo kwenye vinywele. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel walieleza jamii ya jeni zinazotengeneza vipokezi hivyo, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobeli mwaka 2004. Binadamu ana takriban aina 400 za vipokezi vinavyofanya kazi. Kutoka kila seli, uzi mwembamba mno hupanda, ukapenya katika vitundu vya bamba la mfupa lililo juu ya pua, na kuingia moja kwa moja kwenye ubongo.

Seli hizo hazikai peke yake. Zimezungukwa na seli za kuzitegemeza, ambazo huzilisha, husafisha mazingira yao na kulinda ute uwe sawa. Virusi vya mafua hushambulia utando huu. Kwa kirusi cha Uviko-19, watafiti walionyesha mwaka 2020 kwamba mlango kinaoutumia kuingia umo kwenye seli za kutegemeza, wala si kwenye neva zenyewe. Seli hizo zikianguka, vinywele vya neva hupotea na mtu hupoteza harufu ghafla, mara nyingine bila kamasi hata kidogo. Mamilioni ya watu duniani walipitia jambo hilo, nasi bado tunawaambia wagonjwa kwamba pua imeziba.

Sasa nije kwenye madhara. Mama mmoja wa makamo ninayemfahamu ni mpishi wa pilau za shughuli mjini Tanga. Alipata mafua ya kawaida, yakaisha ndani ya wiki, lakini harufu haikurudi. Kwenye duka la dawa aliuziwa matone ya zailometazolini, dawa inayobana mishipa ya damu ya pua ili uvimbe upungue. Dawa hiyo ni nzuri kwa siku chache, kwa kawaida isizidi wiki moja. Yeye aliitumia zaidi ya mwezi, kwa kuwa harufu haikurudi na kila aliyemuuliza alimwambia aendelee. Mishipa ikizoea kubanwa, dawa inapoisha nguvu hutanuka kupita kiasi, na pua huvimba kuliko mwanzo. Ndivyo ilivyokuwa. Alianza kulala akipumulia mdomo, akaona huo ni ushahidi kwamba kweli alikuwa ameziba. Uzibe ulioletwa na tiba ukawa hoja ya kuongeza tiba. Kisha akashauriwa nyungu ya moto zaidi, mvuke ukambabua ngozi ya juu ya mdomo.

Na mafuta ya mentholi je? Alikuwa akijipaka na kusema, "Nayasikia, kwa hiyo pua inaanza kufunguka." Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Ubaridi wa mentholi, ukali wa amonia na muwasho wa pilipili havipiti kwenye neva ya kunusa peke yake. Vinashikwa pia na neva nyingine kabisa, ile inayopeleka ubongoni baridi, maumivu na muwasho wa uso. Mtu aliyepoteza harufu zote bado atashtuka akiinamia chupa ya amonia. Tena hata kule kuhisi pua imefunguka ni udanganyifu: mwanafiziolojia Ron Eccles wa Cardiff alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba mentholi humfanya mtu ahisi hewa inapita zaidi, ilhali ukipima mpito wa hewa haujabadilika. Kama unataka kupima kunusa kwako, tumia kahawa, iliki au ganda la limau, si kitu kinachochoma.

Wapo wanaofika mbali zaidi na kutia puani vitu vikali kwa imani kwamba vitaiamsha. Mwaka 2009 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya wananchi waache bidhaa fulani za zinki za kutia puani, baada ya kupokea taarifa zaidi ya 130 za watu waliopoteza uwezo wa kunusa walipozitumia. Zilikuwa zinauzwa kama dawa za mafua. Utando ule hauna ngozi ya kuukinga, na chochote unachokisukumia juu kinazigusa neva moja kwa moja.

Daktari wa masikio, pua na koo alimwingizia mama yule kamera nyembamba. Hakukuta vinyama vya pua, usaha wala kizuizi kule juu, bali kuta zilizovimba kwa matone. Aliachishwa matone, akapewa maji ya chumvi ya kusafishia pua, yaliyochemshwa kwanza yakapoa, na baada ya wiki kadhaa akarudi kupumua kama zamani. Harufu bado haikuwapo. Wakati huo ndipo ile kauli ya pili ilipomfikia: neva ikifa imekufa.

Kwa neva nyingi za mwili kauli hiyo ina uzito. Kwa neva za kunusa haina. Chini ya utando zimelala seli za msingi ambazo kazi yao, maisha yote ya mtu, ni kuzalisha neva mpya za kunusa kuchukua nafasi ya zilizochakaa. Ni miongoni mwa sehemu chache sana za mfumo wa neva wa mtu mzima zenye uwezo huo. Jeraha likiwa kubwa, kundi jingine la akiba ambalo kwa kawaida hutulia huamka na kuujenga upya utando, pamoja na seli za kutegemeza. Ila kazi haiishii kwenye kuzaliwa. Kila neva changa lazima iotoe vinywele, ipeleke uzi wake juu, ipenye tundu la mfupa, kisha ikutane ubongoni na nyuzi za neva zenye kipokezi cha aina yake. Safari hiyo inataka miezi, si siku. Na pale utando ulipoharibika vibaya, sehemu yake inaweza kugeuka kuwa utando wa kawaida wa pua usionusa kitu. Ndiyo sababu wengine hupona nusu, na wengine hawaponi. Kabla ya Uviko-19, kliniki ya Dresden nchini Ujerumani iliwafuatilia wagonjwa waliopoteza harufu kwa maambukizi ya virusi, na takriban theluthi moja waliboreka ndani ya mwaka mmoja na miezi michache. Hao ni waliofika kliniki, ambao kwa kawaida ni wale waliokwama. Wengi hupona mapema na hawaendi popote.

Mwezi wa nne, mama yule aliacha kunywa kahawa. Ilinuka kama takataka zinazoungua. Vitunguu na kitunguu saumu vilimtapisha, na mpishi asiyevumilia vitunguu hana kazi. Jamaa zake walisema hali imekuwa mbaya zaidi, na hapo ndipo ninapotaka msomaji anisikilize kwa makini. Kabla ya mwezi huo hakuwa akinusa chochote. Kunusa vibaya kulimaanisha baadhi ya neva zimeanza kupeleka habari, ila bado ni chache na hazijapangika, hivyo ubongo ulipata kipande cha harufu badala ya harufu nzima. Kahawa, vitunguu na nyama ya kukaanga ndivyo vinavyolalamikiwa zaidi, kwa kuwa vina chembe za salfa zinazosikika hata zikiwa kidogo sana. Mtu katika hali hiyo apewe chakula kisicho moto sana na kisichokaangwa, asiambiwe kwamba ameoza pua.

Daktari alimfundisha mazoezi ya kunusa, njia iliyotangazwa na Thomas Hummel na wenzake wa Dresden mwaka 2009. Harufu ni nne: waridi, limau, mkaratusi na karafuu. Mama wa Tanga hakuhitaji kuagiza chochote ng'ambo; alitia kwenye vichupa vinne marashi ya waridi, maganda ya limau, mafuta ya mkaratusi na karafuu za Pemba alizozitwanga. Asubuhi na jioni ananusa kila kichupa polepole kwa sekunde kama kumi, akikumbuka harufu ile ilivyokuwa, anapumzika kidogo, anahamia kingine. Karafuu na maganda hubadilishwa mara kwa mara kwa sababu huchuja. Muda wa chini ni wiki 12, na wanaoendelea kwa miezi mingi zaidi hufaidika zaidi. Mazoezi hayamponyi kila mtu, lakini hayana madhara ya matone. Mwishoni mwa mwaka alikuwa akitofautisha iliki na mdalasini, ingawa harufu hafifu bado zinampita. Gesi ya jiko haamini pua yake. Mwanawe ndiye anayeikagua.

Kwa wauzaji wa dawa nina ombi la maswali mawili kabla ya kutoa matone: mafua yameisha lini, na unapumua vizuri? Kama yameisha wiki mbili zilizopita na hewa inapita, usiuze. Na kama mtu hakuwa na mafua kabisa, au amepoteza harufu polepole kwa miezi, au aliumia kichwa, au upande mmoja tu wa pua umeziba na unatoa damu, huyo ana jambo jingine, na anapaswa kumwona daktari bila kusubiri.