Sauti peke yake haimwiti mtoto asiyeona

Juma hili tunazungumza juu ya vitu vya kuchezea vya mtoto asiyeona, hasa yule ambaye bado hajatimiza mwaka mmoja.

Wengi wetu tunawaza hivi: kwa kuwa macho yake hayaoni, tumnunulie kitu kinacholia, naye atakifuata kwa masikio. Basi tunatikisa kayamba mbele yake. Mtoto ananyamaza, anainamisha kichwa, hanyooshi mkono. Hapo tunasema, "Huyu hapendi kucheza," tunamlaza tena kwenye kikwembe chake.

Hapo ndipo tunapokosa kumwelewa. Mtoto anayeona huanza kunyoosha mkono akiwa na miezi 4 au 5, kwa sababu jicho linamwonyesha kwamba pale mbele kuna kitu. Sauti haimwonyeshi asiyeona jambo hilo. Kwake inakuja na kupotea kama upepo, na hajui bado kwamba kinacholia kinaweza kushikwa. Anapaswa kwanza kukigusa na kukisikia kwa wakati mmoja, mara nyingi. Ndiyo sababu wengi wao hufikia karibu kutimiza mwaka kabla ya kunyoosha mkono kwa sababu ya sauti tu.

Na kule kunyamaza si kukataa. Anasikiliza. Tusimtazame usoni, tutazame mikono yake. Vidole vikifunguka, vikipapasa au vikifanya kama vinatafuta, ujue amesikia na amependa. Lakini akikosa cha kugusa siku nzima, atatafuta mchezo katika mwili wake mwenyewe: atajitikisa mbele na nyuma, au atajisukumia vidole machoni, na zoea hilo ni gumu kuliondoa.

Bibi mmoja wa Denmark, Lilli Nielsen, aliyefanya kazi miaka mingi na watoto wasioona, alitengeneza kijumba kidogo ambamo vitu vinaning'inia karibu na mikono ya mtoto. Faida yake ni kwamba vitu havianguki na kupotea. Mtoto akiviachilia, vinabaki palepale, na kesho atavikuta mahali pa jana. Kijumba hicho tunaweza kukiiga kwa katoni.

Mama mwenzetu mmoja alikuwa na mtoto wa miezi 10, aliyelala chali karibu siku nzima. Aliomba dukani katoni ngumu yenye urefu wa sentimeta 60, na upana na kimo cha sentimeta 40 hivi. Aliigeuza, mdomo wake ukawa chini. Alikata ubavu mmoja mrefu ili amwone mtoto na hewa iingie, kisha ubavu mmoja mfupi ili miguu itoke nje. Vifuniko vilivyobaki alivikunjua kwa nje, akaviwekea mifuko midogo ya mchanga ili katoni isisogee.

Juu alitoboa matundu mawili mawili, akaning'iniza vitu 6 kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli: vijiko viwili vya chuma vilivyofungwa pamoja, mwiko mdogo, brosi mpya ya nguo, kikombe cha aluminiamu, kipande cha dodoki la kuogea, na chupa ndogo ya plastiki iliyojaa mahindi nusu. Kila kimoja kina baridi yake, ugumu wake na mlio wake. Vilishuka mpaka karibu na kifua, ili mkono ukitikisika tu uguse kitu. Vikiwa juu mno, mtoto hatajua kama vipo.

Siku za kwanza aligonga vijiko bila kukusudia, akashtuka, akanyamaza. Mama alizima redio na kuketi kando kimya. Hilo lina maana kubwa: tukisema "Vizuri sana!" wakati mtoto anagonga, tunamkatiza, na sauti yetu inafunika ile anayoitafuta. Tuseme naye anapopumzika. Wala tusikamate mkono wake kuupeleka kwenye kitu. Tuweke mkono wetu chini ya wake, aupande mwenyewe, naye akitaka kuuondoa auondoe.

Siku ya tano mkono ulirudi kwenye vijiko kwa makusudi. Juma la tatu alikwenda moja kwa moja kwenye chupa. Hapo mama alichukua chupa nyingine kama ile, nje ya katoni, akaitikisa ikigusa vidole vyake. Alipozoea kuishika, mama aliitikisa umbali wa kiganja kimoja tu. Mtoto alisikiliza kwa kitambo, kisha akanyoosha mkono. Sasa sauti ilikuwa imemwambia kwamba kuna kitu. Kwa mtoto wako inaweza kuchukua majuma au miezi. Usibadilishe vitu vyote kwa pamoja: toa kile alichokichoka, weka kimoja kipya mahali pake, vingine viache vilipo.

Wengi watauliza juu ya vile vitu vya sokoni vinavyoimba kwa betri. Kuna shida mbili. Kwanza, ukibonyeza mara moja wimbo unaendelea wenyewe, na mtoto hajifunzi kwamba ni mkono wake uliofanya. Pili, vingi ni plastiki laini tupu: mbuzi, gari na samaki, vyote mkononi ni sawa. Kijiko kinamfundisha zaidi, maana kesho atakutana nacho kwenye sahani. Ikiwa unacho kitu cha betri, hakikisha mahali pa betri pamefungwa kwa skrubu. Betri ndogo bapa ikimezwa inaunguza koo kwa saa chache.

Sasa juu ya hatari. Mipira ile ya kuning'iniza iwe mifupi, isiweze kuzunguka shingo, wala usifanye kitanzi. Kitu chochote kinachopita ndani ya bomba la kati la karatasi ya choo ni kidogo mno, kinaweza kumkaba. Kizibo cha chupa kipakwe gundi kali, kikauke kabisa, kisha kivutwe kwa nguvu kila asubuhi. Punje ya mahindi au haragi ikiingia puani inavimba. Sashe usitumie kabisa. Usimwache peke yake katika katoni, na siku anapoanza kujivuta au kukaa mwenyewe, uiondoe, kwa maana ataivuta na kuiangusha. Katoni ikilowa, tengeneza nyingine.

Kwa mtoto aliyeanza kukaa, besani pana inafanya kazi ileile. Mpira wenye kengele ukibingirika sakafuni unanyamaza mbali, na kwake umekwisha kabisa. Ndani ya besani, ukingo unaurudisha mkononi. Weka vitu vitatu au vinne tu.

Mwisho, angalieni macho yenyewe. Mboni ikionekana nyeupe katikati, usingoje: mpeleke mtoto kwa daktari wa macho juma hilihili. Huenda ni mtoto wa jicho, ambao hupasuliwa, na kadiri anavyopasuliwa mapema ndivyo anavyopata kuona zaidi. Huenda pia ni ugonjwa mbaya zaidi unaohatarisha maisha. Na kama hashtuki kwa kishindo cha ghafla, mwombeni daktari apime masikio pia. Naye anayeona kidogo, mfungieni vitu vyekundu au vya manjano kwenye katoni iliyopakwa nyeusi ndani, ili hata ule mwanga mdogo alio nao umsaidie.

Mwenye katoni na asiyejua kuikata aje nayo kwenye kikao chetu cha juma lijalo, pamoja na kisu na vitu vya jikoni kwake. Tutaikata pamoja.