Kesi Iliyoamuliwa Haifufuliwi kwa Mekapu

Wasee, beshte yangu amenikasirikia kwa sababu nilimwambia asifungue kesi tena. Wacha nieleze.

Alihama keja, mwenye nyumba akakataa kumrudishia dipoziti ya shilingi 30,000. Akampeleka Mahakama ya Madai Madogo, ile ya madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Mwenye nyumba alikuja na picha za mlango na sinki vilivyovunjika. Beshte yangu alikuja na meseji ya M-Pesa tu. Korti ikasikiza pande zote mbili, ikaamua dipoziti iliishia kwa marekebisho. Akapoteza.

Sasa amekumbuka ako na video ya siku ya kuhama, mlango ukiwa sawa kabisa. Imekuwa kwa simu yake muda wote. Anataka kufungua kesi mpya, amshtaki pia msimamizi wa ploti, na aongeze shilingi 4,000 za maji alizotozwa zaidi.

Shida ni kifungu cha 7 cha Sheria ya Utaratibu wa Madai. Kama watu ni wale wale, mzozo ni ule ule, na korti yenye mamlaka ilishausikiza ikauamua, huwezi kuuanzisha upya. Kuongeza msimamizi hakusaidii, maana mzozo bado ni wa dipoziti. Majaji wetu wamewahi kufananisha ujanja huo na kuremba uso wa kesi. Mekapu mpya, sura ile ile. Hata zile pesa za maji zinaweza kukataliwa, kwa sababu sheria inahesabu pia yale ambayo ungeweza na ulipaswa kuyaleta mara ya kwanza.

"Lakini nilionewa!" ananiambia. Labda ni kweli. Kwa hilo kuna rufaa, lakini ina muda wake, na kwa Madai Madogo inaangalia makosa ya kisheria tu. Kuna pia kuomba korti ipitie uamuzi wake kukiwa na ushahidi mpya. Lakini ataelezaje video iliyokuwa mfukoni mwake siku ya kesi? Ingekuwa tofauti kama kesi ya kwanza ingetupwa kabla ya kusikizwa, tuseme kwa kupelekwa korti isiyo na mamlaka. Hapo hakuna kilichoamuliwa.

Mimi naunga mkono hii sheria, hata ikimuumiza beshte yangu. Geuza hadithi: tuseme angeshinda. Mwenye nyumba ana wakili na ana doo. Angemrudisha kortini mwezi ujao, na mwingine, hadi beshte yangu achoke kuomba ruhusa kazini na kulipa nauli. Bila kikomo, mwenye pesa ndiye angeshinda kila mara.

Kwa hivyo kabla hujaenda kortini, pekua simu yako yote: picha, video, risiti, meseji. Andika kila unachodai. Ukishasikizwa, hakuna raundi ya pili ya kuleta ulichosahau.