Sigara ya umeme: kuacha moshi ni hatua moja, kuacha mvuke ni ya pili

Kwa wachimbaji wa Walungu, kutoka Nzibira mpaka Mukungwe, mapafu iko na maadui wawili: vumbi ya mawe na tumbaku. Vumbi inakuja na kazi, sendika inaweza kuipigania kwa kudai maji na barakoa. Tumbaku ni sisi wenyewe tunainunua. Sasa vijana wanarudi kutoka Bukavu na sigara ya umeme mfukoni, wanasema: «Mimi nimeacha kuvuta». Je, ni kweli?

Jibu liko na sehemu mbili, na watu wengi wanachukua ile ya kwanza tu.

Kwanza, chombo hiki kinaweza kusaidia. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya jaribio la wavutaji 886 waliotaka kuacha. Nusu walipewa sigara ya umeme ya kujazwa na chupa moja ya maji yenye nikotini miligramu 18 kwa mililita. Wengine walipewa dawa za kawaida za nikotini, kama plasta ya kubandika kwenye ngozi na chingamu. Wote walionana na mshauri kila juma, kwa majuma manne angalau. Kisha mwaka mmoja, katika watu 100 wa mvuke, 18 walikuwa wameacha sigara. Kwa wale wa plasta na chingamu walikuwa 10.

Tusisahau hesabu ya upande wa pili: zaidi ya 80 katika kila 100 hawakufaulu, hata wakiwa na mshauri. Njo maana kununua chombo peke yake sokoni, bila mtu wa kukufuata, si sawa na lile jaribio.

Sehemu ya pili ndiyo inanihangaisha. Wale wa mvuke walioacha sigara walikuwa 79. Kati yao, 63 walikuwa wangali wanavuta mvuke kisha mwaka. Kwa wale wa plasta na chingamu walioacha walikuwa 44, na waliobaki na dawa yao ni 4 tu. Jaribio la Uswisi, lililotoka 2024, lilionyesha vilevile: kisha miezi sita watu wa mvuke waliacha sigara kwa wingi kuliko wenzao, lakini walioachana na nikotini kabisa walikuwa wachache kuliko wenzao. Moshi umetoka, minyororo imebaki.

Ni moja ya sababu wakubwa wa afya hawaimbi wimbo mmoja. Uingereza inashauri wavutaji kutumia chombo hiki. Uganda, jirani yetu, imekikataza kwa sheria yake ya tumbaku ya 2015. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2024 juu ya matibabu ya kuacha tumbaku, limetaja dawa kama plasta na vareniklini, na mvuke haumo.

Basi mtu ambaye tayari amekishika afanye nini? Awe na mpango tangu siku ya kwanza. Tuchukue mchimbaji anayemaliza paketi moja kwa siku. Siku akianza mvuke, sigara inakwisha yote. Akivuta vyote viwili, mvuke ukawa wa kungojea sigara ijayo, moshi bado unamwingia na faida ni ndogo. Kisha mwezi, kama paketi ingali mfukoni, ajue njia hii haikumfaa, aende kwa munganga kuuliza dawa zingine.

Akikaa majuma mengi bila hamu ya sigara, ashuke kwa ngazi: 18, 12, 6, 3, halafu sifuri. Kila ngazi akae juma mbili ao zaidi. Alama ya kushuka haraka ni hii: chupa inakwisha mbio kuliko zamani, ao hamu ya sigara inarudi asubuhi. Hapo apande ngazi moja, asirudi kwenye paketi. Pamoja na hiyo, akate nafasi: si ndani ya nyumba, si kitandani, na arefushe muda kati ya mvuto na mvuto. Ushahidi wa ngazi hizi ungali mdogo, lakini huduma za afya za Uingereza zinashauri vile.

Hapa ndipo vile vyombo vya kutupa, vilivyofungwa, vinatuangusha: hauwezi kubadili maji, basi ngazi ya kushukia haiko. Mara zingine hata kipimo cha nikotini hakikuandikwa. Kama haukisome kwenye chupa, usinunue.

Maneno mawili ya kazi. Batri yake inaweza kushika moto, isiingie shimoni wala karibu na baruti. Na ile chupa ni sumu kwa mtoto akiinywa, ifungwe mbali.

Kwa kijana ambaye hajavuta sigara hata siku moja, mpango ni mfupi zaidi: hana kitu cha kuacha, asianze.