Wateja Sifuri, Huduma Saba: Tunamwiga Tembo

Wiki jana kijana mmoja ninayemfahamu alinionyesha mchoro wa mfumo anaotaka kuujenga, wa kuwauzia wenye maduka dawa za mifugo. Waprogramu ni wawili, wateja bado sifuri. Mchoro una visanduku saba vyenye mishale katikati, kila kisanduku programu yake na hifadhidata yake. Nikamwuliza, kwa nini saba? Akajibu, "Kaka, Netflix ndivyo wanavyofanya."

Wahenga walisema ukiiga tembo kunya utapasuka msamba. Na tembo mwenyewe hakuanza hivyo. Netflix ilianza na mfumo wa kipande kimoja. Agosti 2008 hifadhidata yao kubwa iliharibika, wakashindwa kutuma DVD kwa siku tatu. Ndipo wakaanza kuhamia kwenye seva za kukodi na kuuvunja mfumo vipande vipande, kazi iliyokamilika Januari 2016. Walikuwa na mamilioni ya wateja na jeshi la wahandisi. Wewe una mwenzako mmoja tu, tena mchana yuko kazini kwingine.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilishapasuka. Tulikuwa watatu, na huduma tano. Mteja akilipa kwa M-Pesa, huduma ya malipo hupokea taarifa, huiarifu huduma ya oda kupitia mtandao, nayo huiambia huduma ya stoo ipunguze mali. Ijumaa moja jioni nikapandisha toleo jipya la oda. Ndani yake nilikuwa nimebadilisha jina la sehemu moja, kutoka `kiasi` kuwa `jumla`. Huduma ya malipo ikaendelea kutuma `kiasi`. Oda ikakataa. Malipo ikajaribu mara tatu, ikanyamaza.

Ubaya ni kwamba kila huduma ilijiripoti kuwa nzima. Taa zote kijani! Hadi Jumapili pesa zinaingia, oda zinabaki "inasubiri". Aliyetuambia ni mteja, kwa simu, na hakuwa na maneno matamu. Kumbe tungekuwa tunalinganisha kila saa idadi ya malipo na idadi ya oda zilizolipwa, tungeligundua usiku uleule.

Utasema kosa ni langu. Ni langu kweli. Lakini katika programu moja, jaribio la kwanza lingeanguka kwenye kompyuta yangu, kabla ya kufika kwa mteja. Tena kazi yote ya huduma zile tatu ingekuwa hii:

```sql
BEGIN;
UPDATE oda SET hali = 'imelipwa' WHERE id = 418;
UPDATE stoo SET idadi = idadi - 2 WHERE bidhaa = 7;
COMMIT;
```

Ama yote yafanyike, ama lisifanyike hata moja. Ukitenganisha hifadhidata, ahadi hiyo unaipoteza, na inabidi uandike mwenyewe programu ya kurudia, ya kufuta na ya kusuluhisha.

Sasa tuje kwenye kupandisha. Huduma saba ni njia saba za kujenga na kupandisha, matoleo saba yanayopaswa kuelewana, na kumbukumbu za seva mahali saba. Kila unapobadilisha jina lazima upokee la zamani na jipya pamoja hadi wote wahame. Kipande kimoja, kwenye seva moja ya Linux, ni mistari miwili:

```sh
ln -sfn /srv/duka/matoleo/42 /srv/duka/sasa
systemctl restart duka
```

Toleo la 42 likiharibika, andika 41 na urudie. Tahadhari moja tu: usifute safu ya hifadhidata katika toleo lilelile linaloacha kuitumia. Ukifuta, la 41 halitasimama tena. Ifute katika toleo linalofuata.

Sikatai kwamba kipande kimoja kina udhaifu. Kikianguka, kinaanguka chote. Kwetu baadaye kazi ya kutengeneza ripoti za PDF ilikula kumbukumbu yote ya seva, na duka likazima pamoja nayo. Dawa haikuwa huduma mpya. Tulichukua programu ileile, tukaiwasha mara ya pili kama mchakato wa pembeni unaofanya ripoti peke yake, tukauwekea kikomo cha kumbukumbu. Toleo ni moja, hifadhidata ni moja.

Huyo kijana nilimwambia achore saba zake kama mafaili ndani ya programu moja, na asiruhusu msimbo wa malipo kugusa jedwali la stoo moja kwa moja; upitie kwenye kazi ya stoo. Siku sehemu moja itakapohitaji seva yake, au timu mbili zitakapoanza kungojana ili kupandisha, mstari wa kukata utakuwa tayari umechorwa. Kabla ya siku hiyo, kila kisanduku unachoongeza ni usiku mmoja wa usingizi wako unaouweka rehani.

Ameniambia atafikiria. Mchoro bado haujaondoka ukutani kwake.