Aliyekatwa Hajaondoka

Siku hizi picha za marehemu, za wajumbe wapya na za wastaafu hazitoki tena studio. Zinatoka kwenye mkutano wa Zoom. Mtu anapiga picha ya skrini yenye visanduku tisa, anamkata mmoja, anaondoa fremu na jina lililobandikwa chini, kisha anatuletea tuamini kuwa kazi imekwisha. Ukimkosoa, anajibu kwamba kukata ni kukata tu. Mimi nakataa, na sikatai kwa ukaidi wa uzee.

Wengi hukatia ndani ya Word, na Word haikati. Huficha tu. Wale wanane walioachwa bado wamo ndani ya faili, na majina yao kamili. Kuna kamati moja ya mazishi, ambayo sitaitaja, iliyotutumia rasimu ya ratiba ya ibada ili tusahihishe. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na uso wa mwalimu mwenzetu, umekatwa vizuri kabisa. Kijana mmoja akataka kuisogeza picha, akabonyeza `Crop`, na kikao chote kikajitokeza kwa rangi hafifu. Palikuwa na mzee aliyehudhuria akiwa kitandani hospitali, mrija puani, jina lake chini yake. Yeye alikuwa amekubali kuonekana na watu wanane, si na kila aliyepelekewa faili lile. Tiba yake ni dakika moja: bonyeza picha, fungua `Compress Pictures`, weka alama kwenye `Delete cropped areas of pictures`, kisha hifadhi. Ukirudi kwenye `Crop` na majirani wasionekane tena, hapo umekata kweli. Au katia ndani ya Paint tangu mwanzo, maana Paint ukihifadhi hutupa kabisa kilichobaki nje. Lakini picha nzima iweke kando kwanza, usije ukahifadhi juu yake.

Jambo la pili ni jina. Watu huanza kulifuta kwa brashi, wakamchafulia marehemu bega, au hukata chini mpaka kidevu kikakalia ukingo. Hawajatazama jina limekaa wapi. Limekaa pembeni chini, upande wa kushoto, na uso kwa kawaida uko katikati. Tuchukue kompyuta ndogo ya kawaida, yenye skrini ya nukta 1366 kwa 768. Katika visanduku tisa, kimoja hupata kama nukta 384 kwa upana na 216 kwa urefu. Ondoa nukta nne kila upande, na ule mstari wa rangi unaomzunguka anayesema umekwenda. Urefu umebaki 208. Picha ya wima inayofaa kwa urefu huo ina upana wa 156, kwa hiyo ukiacha uso katikati unakata zaidi ya nukta mia moja upande wa kushoto. Jina fupi linaondoka lenyewe, bila bega kuguswa! Likiwa refu (nasi walimu wastaafu tunapenda kujiandika na vyeo vyote), ndipo ukate ukanda wa chini, nukta ishirini na kitu, si zaidi. Anza na pande, kisha chini.

Sasa hesabu ambayo nawaudhi nayo vijana. Mchapaji anataka nukta 300 kwa inchi. Nukta 208 zinampa chini ya sentimita mbili za urefu. Ukivumilia 150, ni sentimita tatu na nusu, ndogo kuliko picha ya pasipoti. Halafu mtu huyo huyo anaivuta hadi ijaze karatasi ya A4, tunaletewa uso wa matofali, na lawama anatupiwa mchapaji. Kukuza hakuongezi nukta hata moja, kunazitandaza zilizopo.

Dawa ya hilo haimo kwenye kukata. Imo ndani ya kikao, kabla hujabonyeza kitufe cha kupiga picha. Mwenye haja ya picha ya mtu amwombe ruhusa, kisha achague `Pin` kwenye kisanduku chake. Hapo mtu huyo hujaza dirisha kwako wewe tu, wengine hawaoni badiliko lolote, na unapata karibu mara tatu ya urefu ule. Majirani nao wanabaki ukanda mwembamba juu au pembeni, rahisi kuondolewa. Hata hivyo mtandao ukiwa dhaifu picha huja na ukungu, na ukungu huo haukatwi kwa mkasi wowote.

Na jina ulilolikata kwenye picha liandike chini yake kwa herufi za kawaida, pamoja na tarehe ya kikao. Nimeona makabrasha ya miaka mitatu tu iliyopita yamejaa nyuso safi, zisizo na fremu wala kibandiko, na hakuna mtu ofisini awezaye kusema huyu ni nani.