4.76 ya Kila Ripoti Haithibitishi Kitu

Jamani, tuambizane ukweli. Ripoti zetu za titresheni ya asidi ya ethanoiki zinafanana kama pacha: pKa 4.76, tiki, tunasonga. Mimi nasema msahihishaji anayeangalia namba hiyo tu anaipa maksi desa.

Chukua mfano. Mililita 25.00 za asidi zinatitriwa kwa NaOH ya 0.1000 M. Karibu na mruko, mita ya pH inasoma 6.88 kwenye mL 24.20, kisha 7.36 kwenye 24.30, 9.91 kwenye 24.40 na 10.39 kwenye 24.50. Wengi hukimbilia pH 7, ambayo hapa iko karibu na mL 24.23. Lakini asidi hii ni dhaifu. Ikiisha, ioni za ethanoeti zilizobaki zinafanya myeyusho uwe besi kidogo, kwa hiyo nukta ya usawa iko juu ya 7.

Dawa yake ni derivativu ya kwanza, yaani mwinuko wa grafu. Gawa badiliko la pH kwa badiliko la ujazo, kisha andika jibu katikati ya vipimo viwili. Tunapata 4.8, halafu 25.5, halafu 4.8 tena. Kilele kiko mL 24.35, na ukolezo wa asidi ni 0.0974 M. Aliyetumia pH 7 atapata 0.0969.

Sasa tafuta pKa: ni pH ya nusu ya ujazo huo, mL 12.18. Mita ilisoma 4.67 kwenye 12.00 na 4.70 kwenye 12.50, hivyo pKa ni 4.68. Aliyekosea naye akienda kwenye nusu yake, 12.11, anapata 4.68 ileile! Pale katikati grafu imelala, kwa hiyo kosa la ujazo halionekani kabisa. Pia, 4.76 ya kitabuni ni ya maji yasiyo na ioni nyingine. Ioni zilizomo kwenye bika letu huishusha hadi karibu 4.7, ndiyo maana 4.76 kamili inatia shaka.

Elektrodi isiyosawazishwa kwa bufa huleta kosa la kinyume. Ikisoma 0.2 juu kila mahali, tofauti hazibadiliki na kilele kinabaki 24.35, ila pKa inakuwa 4.88.

Kwa hiyo walimu wetu wadai jedwali la derivativu, na sisi tupunguze matone mapema, tukifika kama mL 24. Ukiongeza mL 1 kwa mkupuo, kilele chako kitakuambia tu kwamba usawa uko kati ya 24 na 25. Hapo hata 4.76 haikuokoi.