Usikate stori kwa mkia

MEZA YA HABARI
Na Atupele Mwaipopo

Jioni tangazo la zabuni linaingia, robo ukurasa, na limeshalipiwa. Stori ya maneno 600 iliyokuwa imekaa vizuri inatakiwa ishuke hadi 400. Mhariri aliyechoka hufanya lililo rahisi: anashuka mwisho wa stori na kufuta aya kwenda juu mpaka nafasi itoshe.

Mazoea haya yalianza enzi za herufi za risasi. Kupanga upya mistari kulikula muda, kwa hiyo waandishi walifundishwa kuanza na kubwa na kumalizia na dogo, ili fundi aondoe mistari ya chini bila kuharibu kitu. Leo kompyuta inakata popote. Na stori nyingi zinazotoka huku kwetu hazijapangwa hivyo.

Chukua stori ya kawaida ya baraza la madiwani Mbeya. Diwani analalamika kwamba mkandarasi amelipwa na mtaro haujaisha. Aya ya pili inataja waliohudhuria, kila mtu na cheo chake. Ya tatu inasema diwani "alibainisha" jambo, ya nne inamnukuu akilisema jambo lile lile. Ndipo chini kabisa, baada ya "aidha" tatu, tunasoma: "Alipotafutwa kwa simu, mkandarasi alisema hajalipwa awamu ya pili." Mwandishi aliiweka hapo kwa sababu simu ilipokelewa mwisho. Ukikata kwa mkia, tuhuma inabaki na jibu linakwenda na maji. Kesho yake mkandarasi anafika ofisini na wakili, na mwandishi aliyefanya kazi yake sawasawa ndiye anayeonekana hakumtafuta.

Kwa hiyo mimi naanza katikati. Vyeo na orodha ya wageni hutangulia kutoka. Nukuu inayorudia aya iliyo juu yake inafuata. Nabakisha moja, ile yenye maneno ambayo msemaji pekee angeyasema. Kisha naminya sentensi: "alisema kuwa ipo haja ya kuhakikisha kwamba mtaro unakamilika" inakuwa "alitaka mtaro ukamilike". Kabla ya kugusa aya yoyote yenye habari ndani yake, hapo nimeshapata zaidi ya nusu ya maneno 200 ninayoyatafuta.

Kazi ngumu ni ile aya ya historia ya tukio, ambayo wahariri wengi huiona ni mzigo. Fikiria kesi ya kifo cha Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa. Aliuawa Septemba 2, 2012 kijijini Nyololo, Mufindi, polisi walipokuwa wakiwatawanya wafuasi wa Chadema. Hukumu ilitoka Julai 2016: Mahakama Kuu mjini Iringa ilimfunga askari polisi miaka 15.

Ningepewa stori ya hukumu hiyo niipunguze theluthi, maelezo ya umati na ulinzi mahakamani yangetoka mapema, maana hayabadilishi kitu. Utetezi wa mshtakiwa kabla ya adhabu ningeufupisha hadi sentensi mbili, lakini usingetoka wote. Ndiyo sauti ya upande wa pili. Aya ya Nyololo ningeilinda kama intro. Miaka karibu minne ilikuwa imepita, na bila aya hiyo msomaji wa Mbalizi au Kilolo asingejua miaka 15 ni ya nini. Ningelinda pia sentensi inayosema askari alishtakiwa kwa mauaji na akatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Ni maneno machache, ila ukiyaondoa msomaji atadhani mahakama imefunga muuaji miaka 15 tu, na gazeti litakuwa limempotosha bila kuandika uongo hata mmoja.

Ukimaliza kukata, soma stori yote tangu kichwa cha habari. Kidonda hujionyesha chenyewe: "wakili huyo" ambaye jina lake limefutwa juu, "hata hivyo" isiyopingana na chochote, kichwa kinachotaja fedha ambazo hazimo tena ndani, maelezo ya picha ya mtu asiyetajwa popote. Hayo hayaonekani ukitazama nafasi tu.

Na wewe uliye Mbeya au Iringa unayetuma stori leo, usingoje huruma ya mhariri. Ukipata jibu la mtuhumiwa, hata kama limekuja mwisho, lipandishe hadi aya ya tatu kabla hujatuma.